Kalori zilizojificha kwenye kijiko: hesabu ya kontena la chakula cha shule

*Shikamoo daktari. Niko Mwanga, Kigoma. Binti yangu ana miaka 8. Kila siku ya shule namfungia slesi nne za mkate zilizopakwa siagi, yai moja la kukaanga, ndizi mbivu moja na chupa ya juisi ya pasheni ninayoitengeneza mwenyewe. Nimehesabu kalori kwa simu mara mbili: mara ya kwanza nikapata 500, mara ya pili 900 na ushee, na chakula ni kilekile. Ipi ni kweli, na nihesabuje?*

Marahaba, mama. Hakuna kati ya hizo mbili iliyo kweli. Kontena la namna hiyo, likiandaliwa kama linavyoandaliwa katika nyumba nyingi za hapa Kigoma, linakaribia kalori 750. Lakini usiichukue namba yangu ukaifanya yako, kwa sababu vinavyoivuta juu au kuishusha ni vitu vitatu ambavyo simu haikuviona na ambavyo hata wewe huvioni kontena likishafungwa: siagi iliyo ndani ya mkate, mafuta yaliyonywewa na yai, na sukari iliyoyeyuka kwenye juisi. Mkate, yai na ndizi ukivikosea kidogo, jumla haitikisiki sana. Hivyo vitatu ukivikosea, hesabu nzima inaanguka.

Majibu yako mawili nadhani yalipatikana hivi. Ukiiambia simu kuwa ni slesi nne, yai moja, ndizi moja na juisi ya tunda, itachukua mkate mtupu, yai la kuchemsha na juisi isiyotiwa sukari, nawe utafika kwenye 500 hivi. Ukirudi siku nyingine ukaongeza siagi, ukaingiza kijiko kizima cha mafuta na sukari yote ya juisi, na simu yenyewe ikachagua slesi nene na ndizi kubwa ya ng'ambo, utavuka 900. Chakula hakijabadilika, bali maneno uliyoyaingiza ndiyo yaliyobadilika. Neno "ndizi moja" katika orodha nyingi za simu lina maana ya gramu 118 za nyama ya ndizi baada ya kumenywa, na ndizi mbivu nyingi tunazonunua sokoni Mwanga hazifiki huko. Kwa sababu hiyo kanuni yangu ya kwanza ni kuacha kuhesabu kwa idadi na kuhesabu kwa gramu. Majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania, yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard, yanatoa kila kitu kwa gramu 100 za sehemu inayoliwa, yaani bila ganda, bila kokwa na bila mfupa. Hiyo ndiyo lugha ya kufuata.

Kabla ya kuanza, kuna mtego mmoja wa maandishi ya mfukoni. Mifuko ya mkate na makopo mengi huandika nishati kwa kilojuli, kwa alama ya kJ, na pembeni huenda ikaandikwa kcal, ambayo ndiyo tunayoiita kalori katika mazungumzo ya kila siku. Kalori moja ni kilojuli 4.2 hivi. Mfuko ukisema 1,110 kJ kwa gramu 100, mtu akaisoma 1,110 kama kalori, tayari ameuzidisha mkate zaidi ya mara nne. Gawanya kwa 4.2, utapata 264, nayo ni namba ya kawaida kabisa kwa mkate mweupe.

Ili nisikujibu kwa kukisia, nimeandaa kontena kama la binti yako jikoni kwangu kwa siku tano mfululizo, kwa vitu vilivyonunuliwa hapahapa mjini, na kwa mizani ndogo ya jikoni ya betri ambayo huhesabu gramu mojamoja. Kama huna mizani ya namna hiyo, mizani ya dukani itakufaa kwa baadhi ya vitu, na nitaeleza ni vipi na kwa namna gani.

Nianze na mkate, maana ndio mwepesi. Mkate wangu, ukitolewa mfukoni, ulikuwa na gramu 400, nami nilihesabu slesi 14 pamoja na zile mbili za kichwani. Gramu 400 ukizigawa kwa 14 unapata karibu 29 kwa slesi, kwa hiyo slesi nne ni gramu 114. Mkate mweupe una kalori 265 hivi kwa gramu 100, na slesi nne zikawa na kalori 300. Pima mkate ukiwa mpya. Mkate wa juzi umepoteza maji, umekuwa mwepesi kwenye mizani, lakini wanga wake uko palepale, na ukiupima ukiwa umekauka utadhani binti amekula kidogo kuliko alivyokula. Ndiyo maana napenda kupima mkate mzima siku ya kuununua na kuugawa kwa idadi ya slesi, badala ya kupima slesi moja moja kila asubuhi. Hapa hata mizani ya dukani inatosha kabisa.

Siagi ndiyo ya kwanza katika vile vitatu vilivyojificha. Hakuna anayeweza kuitazama siagi iliyopakwa akasema ni gramu ngapi, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao, na kuikwangua kutoka kwenye slesi ili kuipima haiwezekani. Njia iliyopo ni kupima kopo, si mkate. Tenga kopo dogo la siagi ambalo ni la mtoto huyu tu, lipime Jumatatu alfajiri kabla ya kupaka, kisha lipime tena Ijumaa baada ya kupaka. Kilichopungua kigawe kwa siku tano. Langu lilipungua gramu 60 kwa siku tano, ikawa gramu 12 kwa siku. Kopo nililotumia liliandika mafuta gramu 70 katika kila gramu 100, na kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu 12 za siagi hiyo zina gramu 8.4 za mafuta, yaani kalori 75 hivi. Soma kopo lako mwenyewe, kwa sababu siagi za kupaka zinatofautiana sana kwa kiasi cha mafuta, na zile laini sana mara nyingi zina maji mengi zaidi.

Faida ya kupima siku tano kwa pamoja ni kwamba kosa la mizani linagawanyika pia. Mizani inayokosea gramu 5 ikitumika kupima siagi ya siku moja ya gramu 12 haina maana yoyote, lakini kosa hilohilo la gramu 5 katika gramu 60 linabaki gramu 1 kwa siku, na gramu 1 ya siagi ni kalori 6 tu. Mwenye mizani ya dukani asipime siku moja moja. Apime juma zima, na ikiwa mizani ni ya mshale mkubwa, apime majuma mawili.

Sasa yai. Yai la kienyeji nililopima lilikuwa na gramu 42 pamoja na ganda lake. Ganda ni kama sehemu moja ya tisa ya yai zima, kwa hiyo ndani mlibaki gramu 37, na kwa kalori 145 hivi katika gramu 100, yai lenyewe ni kalori 55 tu. Yai la kuku wa kisasa la gramu 57 au 58 lingefika kalori 72 au zaidi kidogo, na simu nyingi huchukulia yai la ukubwa huo. Tofauti hiyo ya kalori 17 hivi si kubwa. Jambo kubwa liko kwenye kikaango.

Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa mafuta kwa usawa wa ukingo kina gramu 13 hadi 14, sawa na kalori 120. Yaani mafuta yaliyomo kwenye kijiko kile, peke yake, yana kalori zaidi ya maradufu ya yai la kienyeji linalokaangwa ndani yake. Na hapa kwetu naulizwa mara kwa mara kama mawese yana kalori nyingi kuliko alizeti kwa kuwa ni mekundu na mazito. Hapana. Rangi ile ni ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na uzito ule unatokana na aina ya mafuta yaliyomo; kwa upande wa kalori, gramu ya mawese na gramu ya alizeti zinalingana, 9 kwa 9. Kinachotofautiana ni kijiko. Asubuhi yenye ubaridi mawese huganda chini ya chupa au kwenye ndoo, nawe ukiyachota yakiwa yameganda, kijiko hubeba mlima juu yake. Yakiwa ya moto, kijiko hichohicho hubeba yale ya usawa wa ukingo tu. Nilipoyachota yakiwa yameganda nilipata gramu 21, na nilipoyayeyusha kwanza nikapata 13. Mkono ni uleule na kijiko ni kilekile, na tofauti ni kalori 70.

Lakini si mafuta yote yanayomiminwa yanayoliwa. Sehemu hubaki kikaangoni. Watu wengi hujaribu kulipata jibu kwa kupima yai kabla ya kukaanga na baada ya kukaanga, na njia hiyo inadanganya, kwa sababu yai likiwa motoni hupoteza maji huku likinyonya mafuta, na mizani haijui kutofautisha kilichotoka na kilichoingia. Unaweza kukuta yai limepungua uzito ukaamini kwamba halikunyonya chochote. Pima mafuta, usipime yai. Mimi niliweka chupa ndogo ya mawese ya kukaangia yai la kontena tu. Kila asubuhi nilimimina kwenye kikaango, nikakaanga, na mafuta yaliyobaki nikayarudisha kwenye chupa yangali moto kidogo. Baada ya siku tano chupa ilikuwa imepungua gramu 40, yaani gramu 8 kwa yai moja, sawa na kalori 70. Kuna matone yaliyobaki yamegandamana na kikaango ambayo hesabu hii inayachukulia kana kwamba yameliwa, kwa hiyo 70 ni juu kidogo ya kweli, na mimi nalikubali kosa hilo likielekea upande huo. Angalizo ni moja tu: yale mafuta yaliyobaki yasitumike kukaangia kitunguu cha mboga ya mchana kabla hujapima, maana hapo utayahesabu kwenye kontena ilhali yameliwa na watu wote wa nyumba. Na zoezi hili ni la juma moja la kupimia tu. Mafuta yanayorudiwa motoni kila siku huharibika, kwa hiyo baada ya hapo endelea na mafuta mapya.

Ukilichemsha yai badala ya kulikaanga, unaondoa zoezi hili lote. Yai la kuchemsha halinyonyi kitu na linapoteza maji kidogo mno. Limenye, lipime, zidisha kwa 1.45, basi.

Ndizi haihitaji maneno mengi. Yangu ilikuwa gramu 95 na maganda, na maganda peke yake gramu 33, zikabaki 62 za kuliwa. Kwa kalori 89 katika gramu 100, ni kalori 55, karibu nusu ya zile 105 ambazo simu ingekupa kwa "ndizi moja". Usihangaike na kiwango cha kuiva: ndizi inapoiva, wanga wake unageuka sukari na utamu unaongezeka, lakini kalori zake hazibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua.

Sasa nifike kwenye chupa ya juisi, ambako ndiko naomba ukae kwa makini zaidi, kwa sababu mara nyingi ndiko kosa kubwa kuliko yote linakokaa. Ukimuuliza mtu ametia sukari kiasi gani kwenye jagi, atakujibu kwa vijiko, na jibu lake litakuwa la kweli. Nami niliweka vijiko 12 vya chakula, kama nilivyoona mara nyingi wakifanya akina mama ninaowatembelea. Simu ukiiambia vijiko 12, itachukua kijiko kilichosawazishwa cha gramu 12.5, na kukupa gramu 150. Lakini hakuna mtu anayesawazisha kijiko cha sukari kwa kisu anapotengeneza juisi asubuhi. Nilipima pakiti ya kilo moja kabla na baada ya kuchota: ilikuwa imetoka gramu 240, yaani gramu 20 kwa kila kijiko. Kwa hiyo simu ingekuwa imepunguza gramu 90 za sukari kwenye jagi zima bila mtu yeyote kusema uongo. Hapa pia dawa ni ileile ya kopo la siagi: pima pakiti kabla, pima pakiti baada, na mizani ya dukani inatosha kwa sababu kiasi ni kikubwa.

Hatua inayofuata ni kujua jagi lina mililita ngapi, na hapo watu huteleza. Hupima maji waliyoyatia, wakasahau kwamba pasheni nazo zina maji yake na kwamba sukari ikishayeyuka inachukua nafasi. Gramu 240 za sukari huongeza kama mililita 150 kwenye jagi. Kwa hiyo pima mwishoni, baada ya kila kitu kuingia na kukorogwa. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ni kipimo kizuri na kila nyumba inayo: ijaze juisi kutoka kwenye jagi mara ngapi mpaka jagi liishe? Kama umesaga pasheni kwa blenda, subiri povu litulie kwanza, la sivyo utakuwa unapima hewa. Jagi langu lilitoa chupa nne na mililita 200 juu, jumla 2,200.

Chupa ya shule ninayoitumia hujaa mililita 400. Hesabu ni hii: sukari yote gramu 240, mara 400, gawanya kwa 2,200, unapata gramu 44 za sukari ndani ya chupa ya mtoto. Gramu moja ya sukari ina kalori 4, hivyo ni kalori 175. Pasheni zenyewe zilitoa kama mililita 200 za maji ya tunda kwa jagi zima, na fungu la chupa moja ni kalori 20 tu. Jumla ya chupa ni 195. Tazama uwiano huo: katika kinywaji tunachokiita juisi ya pasheni, kalori 9 katika kila 10 zimetoka kwenye pakiti ya sukari.

Koroga mpaka usisikie chenga zikikwaruza chini ya jagi. Sukari isiyoyeyuka huzama, bilauri za kwanza hutoka nyepesi na ya mwisho hutoka nzito kama asali, na kama chupa ya binti ndiyo inayojazwa mwisho, hesabu yako ya gramu 44 itakuwa chini ya ukweli. Ikiwa siku moja utaweka juisi ya pakiti au soda badala ya hii, kazi ni rahisi zaidi: soma sukari iliyoandikwa kwa mililita 100, zidisha kwa ujazo wa chupa. Soda nyingi zenye sukari zina gramu 10 hadi 11 kwa mililita 100, na ukipiga hesabu utaona kwamba juisi yangu ya jagi, ikiwa na gramu 11, ilikuwa tamu sawa na soda. Jambo hilo lilinishtua, na nimeona sura ya mshangao huohuo kwa kila mama niliyemfanyia hesabu hii mbele yake.

Tujumlishe sasa. Mkate 300, siagi 75, yai 55, mafuta ya kukaangia 70, ndizi 55, juisi 195: inakuja 750. Katika hizo, siagi, mafuta na sukari, ambavyo binti yako angesema hakuvila kwa kuwa hakuviona, vimechangia 320, zaidi ya sehemu mbili kati ya tano za kontena lote.

Hata hivyo, kilichofungwa si lazima kiwe ndicho kilicholiwa. Kontena linaporudi mchana, lifungue kabla ya kuliosha. Kingo za mkate zilizoachwa zipime kama mkate. Juisi iliyobaki imimine kwenye kipimo: ikirudi mililita 150 kati ya 400, umeondoa kalori 73 na gramu 16 za sukari, na jumla inashuka hadi 680 hivi. Muulize pia kwa upole kama amegawana na wenzake, tena muulize kwa namna ambayo hatadhani kugawana ni kosa, kwa sababu mtoto akihisi anachunguzwa atajibu kile anachoona kitakufurahisha. Siku tano za kupima kinachorudi zinatosha kukupa wastani wa kweli.

Juu ya usahihi, usitafute namba kali kuliko uwezo wa vipimo. Mkate wa tanuri moja haulingani na wa tanuri jingine, na namba za majedwali ni wastani wa vyakula vilivyopimwa, si yai lako wewe. Ukifanya yote niliyoeleza, tegemea kuwa ndani ya sehemu moja ya kumi juu au chini, yaani 750 yangu inaweza kuwa 680 au 820. Mtu akikuandikia 743, hajui zaidi yako. Dalili ya kosa la kweli ni jumla kuruka kwa mia mbili au tatu kati ya juma moja na jingine ilhali chakula hakijabadilika. Ikiruka hivyo, rudi kwenye kijiko cha sukari na chupa ya mafuta kabla hujagusa kitu kingine.

Najua swali linalofuata ni kama 750 ni nyingi. Makadirio ya kimataifa ya mahitaji ya nishati yaliyotayarishwa chini ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani yanampa msichana wa miaka 8 mwenye shughuli za kawaida karibu kalori 1,700 kwa siku. Kontena hili ni kama asilimia 44 ya hizo. Kwa mtoto aliyekunywa chai kidogo asubuhi, akatembea kwenda shule na kurudi, na kucheza rede au kuruka kamba mapumzikoni, mimi sioni jambo la kuogofya katika 750 zenyewe, na nisingependa umpunguzie mkate au yai ili tu kuifukuza namba. Anayetakiwa kusema kama chakula kimezidi au kimepungua ni uzito na urefu wake vikipimwa kituo cha afya mara kwa mara na kulinganishwa na umri wake, si kontena la siku moja.

Ninachokiona cha kubadilisha ni sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku. Kwa kalori 1,700 hiyo ni gramu 42. Chupa moja ya shule imebeba 44 kabla hatujahesabu chai ya asubuhi wala ya jioni. Nilipotengeneza jagi lilelile kwa gramu 100 za sukari badala ya 240, chupa ilibaki na gramu 18, na kontena likashuka hadi karibu 650 bila mkate, yai wala ndizi kuguswa. Usishuke kwa siku moja, kwa sababu ulimi wa mtoto utaikataa na chupa itarudi imejaa. Punguza kijiko kimoja kila juma, ukiendelea kupima pakiti, maana kijiko kilichojaa mlima kinaweza kurudisha kile ulichokiondoa.

Na msimu wa maembe ukifika, ukaamua kumwekea embe badala ya ndizi, mpe na kimfuko cha kurudishia maganda na kokwa. Embe la gramu 200 likienda, na maganda na kokwa vikirudi gramu 70, amekula nyama ya gramu 130, na kwa kalori 60 katika gramu 100 hiyo ni 78. Bila kile kimfuko hutajua kama kokwa lilikuwa kubwa au dogo, na katika embe kokwa ndilo linaloamua.